Hati ya Makubaliano kati ya Vikundi Viwili: Nani Afanye Nini, Mpaka Lini, na Tukigombana Je?

Katika parokia zetu makubaliano mengi kati ya vikundi hufanyika nje ya kanisa baada ya Misa, kwa kupeana mikono. Kwa mambo mengi hiyo inatosha. Kwaya ikiazima viti vya wazee kwa ajili ya sherehe ya Jumapili, hakuna haja ya karatasi. Lakini vikundi viwili vinapoweka pamoja mali ya thamani, fedha inayoingia kila siku na miaka kadhaa ya kazi, karatasi inahitajika, na karatasi hiyo ndiyo tunayoiita hati ya makubaliano.

Tutajifunza kwa mfano mmoja tu. Ni mfano wa kutungwa, ila wengi mtauona ni wa kwenu. Kikundi cha WAWATA cha parokia ya kijijini kina banda imara la matofali kwenye eneo la kanisa, lenye umeme wa njia tatu. Jirani yao kuna kikundi cha vijana kilichosajiliwa halmashauri, ambacho kimenunua mashine ya kukoboa na kusaga kwa mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana hawana jengo. Akina mama hawana mashine. Wamekaa, wamekubaliana, na katibu ameandika rasimu hii:

«Vikundi viwili vitashirikiana kuendesha mashine. WAWATA watatoa jengo na vijana watatoa mashine. Pande zote zitashirikiana katika matengenezo. Mapato yatagawanywa asilimia 60 kwa vijana na asilimia 40 kwa WAWATA. Makubaliano haya ni ya miaka mitatu. Migogoro itatatuliwa kwa mazungumzo ya kindugu.»

Hakuna sentensi hata moja hapo ambayo mtu mwema angeikataa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Rasimu hii inaeleweka vizuri siku ya kusainiwa, wakati wote walioiandika wamekaa meza moja na wanakumbuka walichomaanisha. Itakayosomwa kwa makini ni siku ile mwenyekiti mpya, paroko mpya na fundi mpya watakapoifungua droo wakitafuta haki yao.

Je, inabana?

Swali la kwanza ambalo wanakikundi huuliza ni kama hati ya makubaliano ni mkataba. Wengi huamini kwamba ikiitwa «hati ya makubaliano» haibani, na ikiitwa «mkataba» inabana. Jina si hoja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 10, inaangalia kama waliokubaliana wana uwezo kisheria, wamekubali kwa hiari, kila upande unatoa kitu kwa ajili ya kitu, na jambo lenyewe ni halali. Rasimu ya katibu wetu, yenye jengo upande mmoja na mashine upande wa pili, na asilimia za kugawana, inaweza kabisa kuhesabiwa kuwa mkataba hata kama juu imeandikwa «maelewano ya kirafiki». Kwa hiyo ni vizuri hati yenyewe iseme wazi: vifungu vya fedha, mali, muda na migogoro vinabana, vile vya nia, kwa mfano kusaidiana kutafuta wateja, havibani.

Swali la pili huulizwa mara chache, nalo ni zito zaidi. Nani ana mamlaka ya kusaini? Vijana wana cheti cha usajili na katiba. Watafute katika katiba hiyo ni viongozi gani wanaosaini kwa niaba ya kikundi, na waambatishe muhtasari wa mkutano uliowaruhusu. Kwa akina mama jambo ni tofauti. Wanalitumia banda, lakini si lao kisheria. Mali za majimbo yetu kwa kawaida huandikishwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Ndani ya Sheria za Kanisa, kanuni ya 532 inampa paroko wajibu wa kuiwakilisha parokia katika mambo yote ya kisheria, na kanuni ya 1281 inasema kwamba tendo linalovuka mipaka ya uendeshaji wa kawaida wa mali halina nguvu bila kibali cha maandishi cha mwenye mamlaka. Kumkabidhi mtu mwingine banda la kanisa kwa miaka mitatu ni jambo la kupeleka jimboni kabla ya kusaini. Mwenyekiti wa WAWATA akisaini peke yake, vijana watakuwa wamefunga mashine ya mkopo ndani ya jengo ambalo aliyewakaribisha hakuwa na uwezo wa kuwakaribisha.

Waseminari waikumbuke hapa kanuni ya 1290. Inaelekeza kwamba yale ambayo sheria ya nchi imeyaweka kuhusu mikataba yafuatwe pia katika Kanisa, isipokuwa pale yanapopingana na sheria ya Mungu au pale sheria ya Kanisa inapoweka vingine. Na kuna kanuni ya 1298, inayokataza mali ya Kanisa kuuzwa au kukodishwa kwa wasimamizi wake au ndugu zao wa karibu bila kibali maalumu cha maandishi, ila kama jambo lenyewe ni dogo. Katika kijiji ambako katibu wa halmashauri ya parokia ni mjomba wa mweka hazina wa vijana, undugu huo uandikwe na kuonyeshwa jimboni mapema. Ukifichuka baadaye utasomwa vibaya hata kama hakukuwa na hila.

Neno «kushirikiana» na neno «mapato»

Sasa tuje kwenye majukumu. «Pande zote zitashirikiana katika matengenezo.» Mkanda wa mashine umekatika Ijumaa saa nne asubuhi, na nje kuna foleni ya akina mama na madebe ya mahindi. Nani anaondoka kwenda mjini kununua mkanda? Kwa fedha ya nani? Anaomba ruhusa kwa nani? Rasimu inasema wote, na likiwa la wote, kila mmoja humngoja mwenzake. Kifungu cha majukumu kinafaa pale kinapomtaja mtu kwa cheo chake, tendo lake na siku ya kulitenda. Tungekiandika hivi:

«Msimamizi wa mashine, atakayeteuliwa na kikundi cha vijana, atanunua vipuri vya kawaida, yaani mikanda, nyundo, chekeche na beringi, kutoka katika akiba ya matengenezo, bila kuomba kibali endapo bei haizidi shilingi 150,000 kwa mara moja. Ikizidi kiasi hicho, weka hazina wote wawili watasaini kabla ya kununua. Matengenezo ya paa, kuta, sakafu na nyaya za umeme za jengo ni ya WAWATA kwa fedha yao wenyewe.»

Kwa nini tutenganishe mota na nyaya? Kwa sababu mota ikiungua fundi atasema umeme ni mbovu, na fundi umeme atasema mota ni mbovu. Hati iseme mpaka uko wapi: kutoka kwenye mita ya LUKU hadi swichi kuu ya mashine ni jengo, kutoka swichi hiyo kuendelea ni mashine.

Neno lenye hatari kubwa zaidi katika rasimu ile, hata hivyo, ni «mapato». Kwa Kiswahili cha kila siku tunalitumia kwa fedha yote iliyoingia, na tunalitumia pia kwa kile kilichobaki baada ya gharama. Tufanye hesabu. Tuseme mwezi mmoja wateja wamelipa jumla ya shilingi 1,200,000. Umeme umetumia 380,000, mwendesha mashine amelipwa 200,000, na asilimia 10 ya makusanyo, yaani 120,000, imewekwa akiba ya matengenezo. Gharama zote ni 700,000, na kinachobaki ni 500,000.

Vijana wakisoma «mapato» kuwa ni kilichobaki, wao wanachukua 300,000 na akina mama 200,000. Akina mama wakilisoma neno hilohilo kuwa ni makusanyo yote, wanadai asilimia 40 ya 1,200,000, ambayo ni 480,000. Vijana watabaki na 720,000, walipe gharama zile 700,000, na mfukoni wabaki na 20,000 wakati marejesho ya mkopo yanawangoja. Ni neno moja, na hakuna aliyedanganya. Hati iandike: «makusanyo» ni fedha yote waliyolipa wateja, «ziada» ni makusanyo ukitoa umeme, ujira wa mwendesha mashine na akiba ya asilimia 10, kinachogawanywa ni ziada, kila tarehe 5 ya mwezi unaofuata, baada ya weka hazina wawili kusaini daftari. Marejesho ya mkopo si gharama ya mashine. Ni deni la vijana, linatoka katika fungu lao.

Na pumba je? Rasimu haikuzitaja kabisa. Mteja akikoboa mahindi, mara nyingine huziacha pumba bandani, na mwenye ng'ombe au kuku anajua thamani yake. Baada ya wiki chache magunia ya pumba yanajaa pembeni, mwendesha mashine anaanza kuyauza, na minong'ono inaanza Jumuiya kwa Jumuiya. Sentensi moja inatosha: pumba zilizoachwa na wateja zinauzwa, na fedha yake inaingia katika makusanyo. Tunaitaja kwa sababu ugomvi wa vikundi huanzia mara nyingi kwenye kitu kidogo ambacho hakuna aliyeona aibu kukichukua.

Miaka mitatu ya kuanzia lini?

Kifungu cha muda kinaonekana chepesi kuliko vyote. Rasimu imesainiwa tarehe 1 Machi kwa miaka mitatu, yaani miezi 36. Lakini msingi wa zege ulichelewa, fundi naye akachelewa, na mashine ikaanza kusaga tarehe 1 Agosti. Miezi 5 imekwisha bila debe moja kusagwa, imebaki 31. Kama mkopo wa vijana unarejeshwa kwa miezi 30 tangu mashine ianze kazi, watakuwa wamefanya kazi muda wote huo kulipa deni, na mwezi mmoja tu wa mwisho utakuwa wao. Kwa hiyo tunashauri muda uhesabiwe tangu siku mashine inapoanza kutoa huduma, siku hiyo iandikwe katika cheti kifupi cha makabidhiano chenye saini mbili, na muda wenyewe uzidi muda wa mkopo kwa kiasi cha kueleweka. Kwa mfano wetu, miaka minne ni ya haki zaidi.

Halafu kuna mwisho. Hati nyingi husema zinaanza lini na kukaa kimya kuhusu siku ya mwisho itakavyokuwa. Muda ukiisha na watu wakaendelea kusaga, je, makubaliano yamefufuka kwa miaka mingine, au vijana sasa wanakaa kwa hisani? Iandikwe kwamba hayajiongezi yenyewe. Siku 90 kabla ya kwisha, kila upande utaeleza kwa barua kama unataka kuendelea. Anayetaka kujitoa katikati naye atoe notisi ya siku 90, na akina mama wasiweze kuitoa kabla mkopo haujamalizika, ila kwa sababu zilizotajwa: ziada kutolipwa miezi miwili mfululizo, au jengo kutumika kwa kazi nyingine.

Na mashine yenyewe imefungwa kwa boliti kwenye zege. Hapa vijana wawe macho. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inapoeleza maana ya ardhi inahesabu ndani yake majengo na miundo iliyofungwa humo kwa kudumu. Mtu mwenye nia mbaya, au hata mwenye nia njema asiyejua historia, anaweza kusema mashine imekuwa sehemu ya banda. Kifungu kiseme: «Mashine, mota na vifaa vilivyoorodheshwa katika kiambatisho ni mali ya kikundi cha vijana hata kama vimefungwa jengoni. Makubaliano yakiisha, vijana wataviondoa ndani ya siku 30 na kuiziba sakafu.» Kile kiambatisho kiwe na namba za mashine na mota, kama zilivyogongwa kwenye bati lake.

Paroko atahamishwa. Viongozi wa WAWATA watamaliza muhula wao. Kijana aliyesaini atahamia mjini. Ndiyo maana wahusika waandikwe kwa vyeo, na hati iseme inawafunga warithi wao katika vyeo hivyo. Paroko anapokabidhi ofisi kwa mwenzake, nakala ya hati hii iwe katika orodha ya makabidhiano pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa.

Ufunguo uko kwa nani?

«Migogoro itatatuliwa kwa mazungumzo ya kindugu.» Tuseme mwezi wa tisa akina mama wamepokea 140,000 badala ya 200,000 waliyoizoea. Wanaambiwa beringi na mkanda vimegharimu 150,000, hivyo ziada imeshuka hadi 350,000, na asilimia 40 yake ndiyo hiyo. Mwenyekiti hakuridhika. Jumamosi usiku kufuli la banda likabadilishwa. Jumatatu vijana wamesimama nje, wateja wamepeleka mahindi kijiji cha pili, na tarehe ya rejesho inakaribia. Mazungumzo ya kindugu sasa yataanzishwa na nani, wakati kila mmoja anamngoja mwenzake aombe radhi?

Kwa hati iliyoandikwa vizuri, kisa hiki kingeisha mezani. Akiba ya 120,000 kwa mwezi kwa miezi minane ni 960,000. Beringi na mkanda vilipaswa kununuliwa kutoka humo, na ziada isiguswe. Akina mama wana haki ya 60,000 iliyopungua, vijana nao wana 90,000 ya kurudishiwa, na akiba inapunguzwa 150,000. Kama akiba haipo, hapo pana swali jingine, na ni vizuri lijulikane mwezi wa tisa kuliko mwaka wa tatu.

Lakini tuchukulie kwamba halikuisha. Kifungu cha migogoro kinahitaji ngazi zenye siku. Mlalamikaji anaandika barua. Upande wa pili unajibu ndani ya siku 7. Wenyeviti na weka hazina wanakutana ndani ya siku 14 wakiwa na daftari mezani. Wakishindwa, jambo linakwenda kwa mtu wa tatu, ambaye ana siku 30. Msomaji wa Injili atatambua mpangilio wa Mathayo 18:15-17: kwanza wenyewe, kisha mashahidi, kisha kwa jumuiya. Kinachoongezwa hapa ni kalenda, kwa sababu ngazi isiyo na siku haipandwi.

Mtu wa tatu ni nani? Karibu kila rasimu humtaja paroko. Tunashauri asiwe yeye. Si kwa kumshuku. Tumeona kwamba ndiye anayeiwakilisha parokia, kwa hiyo ni upande mmoja wa hati. Akiamua kwa faida ya akina mama, vijana watasema amejipendelea. Akiamua kinyume, atakuwa ametoa mali aliyokabidhiwa kuilinda. Afisa maendeleo ya jamii wa kata naye anausimamia mkopo wa vijana. Njia salama ni kila upande kumtaja mtu mmoja asiye mwanachama, na hao wawili wamchague wa tatu, na majina yawekwe mapema wakati watu bado wanacheka pamoja.

Iandikwe pia mtu huyo ana uwezo gani. Kwa Kiswahili «msuluhishi» ametumika kwa mtu anayewasaidia wagombanao wapatane, na pia kwa yule anayetoa uamuzi unaowafunga. Ni kazi mbili tofauti. Kama mnataka wa kwanza, andikeni kwamba atapatanisha na hatatoa uamuzi. Kama mnataka wa pili, andikeni kwamba uamuzi wake utakuwa wa mwisho kwa pande zote. Katika mfano wetu tungechagua wa kwanza kwa jambo lolote, na wa pili kwa hesabu za fedha tu. Na msiandike kwamba hakuna atakayekwenda mahakamani kamwe. Sheria ya mikataba haitambui sharti la kumzuia mtu kabisa asidai haki yake mahakamani. Andikeni kwamba hakuna atakayekwenda huko kabla ya ngazi hizi kumalizika.

Sentensi ya mwisho ya kifungu hiki ndiyo tungeipigania kuliko zote, nayo inahusu muda ambao ugomvi bado unaendelea:

«Wakati mgogoro unashughulikiwa, mashine itaendelea kufanya kazi. Hakuna upande utakaobadilisha kufuli, kukata umeme wala kuondoa kifaa. Ufunguo mmoja utakuwa kwa msimamizi wa mashine na mwingine kwa katibu wa WAWATA. Ziada yote ya kipindi hicho itawekwa katika akaunti ya pamoja yenye saini mbili, isipokuwa kiasi cha rejesho la mkopo la mwezi, kitakachotolewa kwa vijana na kukatwa katika fungu lao.»

Kwa sentensi hizo hakuna anayepata faida kwa kuchelewesha, na hakuna anayenyongwa na deni wakati anasubiri kusikilizwa.

Rasimu ya ukurasa mmoja sasa imekuwa kurasa nne au tano. Isomwe kwa sauti katika mkutano wa kila kikundi, kifungu kwa kifungu, kwa sababu wapo wanachama watakaoisikia tu bila kuisoma; kisha isainiwe nakala nne: ya vijana, ya WAWATA, ya ofisi ya parokia na ya jimbo. Kila ukurasa uwekewe saini fupi za pande zote, na kiambatisho cha vifaa pia, ambacho ndicho watu husahau kukisaini.